Chumba kimoja, wageni wawili: mgeni asigundue mlangoni

*Hotuba kwa wenye nyumba za wageni na wafanyakazi wa mapokezi, Mji Mkongwe, Unguja*

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Nawasalimu wenye nyumba, mameneja, na hasa nyinyi vijana wa mapokezi mliokaa huko nyuma, kwa sababu maneno yangu mengi leo ni yenu. Mwezi wa saba umekaribia. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Agosti nyumba zetu hujaa, na nyumba ikijaa ndipo hutokea jambo nililoitwa kulizungumza: chumba kimoja kimeuzwa kwa wageni wawili, usiku ule ule, na wote wako njiani.

Juu ya kuzuia sitakaa sana. Wengi wetu tuna vyumba saba, vyumba tisa. Tunauza kupitia Booking.com, kupitia Airbnb, kupitia mawakala wa Arusha, na kupitia Wasapu. Kalenda zilizounganishwa kwa kiungo cha iCal hazipashani habari papo hapo. Kila moja huichungulia nyingine kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi zinaweza kupita saa kadhaa, kwa hiyo chumba kilichouzwa asubuhi upande mmoja huonekana kitupu upande wa pili mpaka mchana. Buking ya Wasapu haiendi popote mpaka mtu aifunge kwa mkono wake. Na hata mwenye programu nzuri inayounganisha kila kitu bado ana kijana aliyepokea simu, akaandika daftarini, akaitwa kumpokea mgeni mizigo, akasahau. Fungeni tarehe kwenye kalenda kabla ya kumwambia mgeni "karibu". Hilo likifanyika kila mara, migongano itapungua sana. Lakini haitakwisha, na ikitokea, mgeni atatuhukumu kwa alivyopata habari na kwa tulichomwandalia alipoipata.

Nitachukua mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Nimeutunga kwa ajili ya leo, ila kila kipande chake mmeshakiona kwa macho yenu.

Nyumba ya vyumba tisa, Kiponda. Ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Msichana wa mapokezi anapanga wageni wa Ijumaa na anaona chumba cha chini kina majina mawili. Jina la kwanza ni la wanandoa kutoka Nairobi, waliobuku Jumatatu kwa Wasapu, usiku mbili, shilingi 180,000 kwa usiku. Wameshatuma nusu, yaani 180,000. Wanakuja kwa ndege Ijumaa alasiri. Jina la pili ni la mama mmoja wa Dar es Salaam na binti yake, waliobuku Jumatano kupitia Booking.com, usiku tatu, na wanakuja kwa boti ya mchana siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Vyumba vingine vyote vimejaa.

Kitu cha kwanza kinachosemwa katika nyumba nyingi ni "tusubiri kidogo, huenda mmoja akafuta". Naielewa kauli hiyo. Mara moja moja mtu hufuta kweli, na ndiyo maana tabia hii haifi. Lakini angalieni inachokula. Alhamisi saa tatu asubuhi, majirani bado wana vyumba vya Ijumaa. Mgeni bado yuko nyumbani kwake, anaweza kufikiri, kumuuliza mwenzake, hata kubadili mpango. Ijumaa saa nane mchana majirani wamejaa, mgeni yuko angani, na chumba utakachompata ni kile ambacho watu wengine wote wamekikataa. Kila saa unayosubiri unaichukua kutoka kwenye mfuko wa mgeni, wala hukumuomba ruhusa.

Hata hivyo usikimbilie simu dakika ile ile. Ukimpigia mgeni huku huna chumba cha kumpa, umemkabidhi tatizo lako na kumwacha nalo. Jipe saa moja. Ndani ya saa hiyo amua nani ahame, tafuta pa kumweka, ndipo upige. Kama mgeni anakaribia kupanda boti au ndege sasa hivi, hapo utapiga mara moja, umwambie ukweli na umwambie utampigia tena baada ya nusu saa ukiwa na jibu. Lakini saa moja ndiyo kawaida, na saa moja iwe saa moja.

Sasa, nani ahame? Wengi hujibu haraka: aliyebuku wa mwisho. Ni jibu la haki kwa juu juu, na kama mambo mengine yote yako sawa mimi nalifuata. Lakini mambo hayawi sawa. Fungua buking zote mbili usome kila neno, pamoja na yale maelezo ya chini ambayo huwa tunayaruka. Katika mfano wetu, yule mama wa Dar ameandika kwamba magoti yanamsumbua na ndiyo maana amechagua chumba cha chini. Mnazijua ngazi za Mji Mkongwe. Zimesimama wima, na nyumba nyingi vyumba vyake vinaanzia ghorofa ya kwanza. Kumpatia mama huyu chumba kingine cha chini Ijumaa ya msimu ni kazi ngumu sana. Wanandoa wa Nairobi hawakuandika sharti lolote, wanakaa usiku mbili tu, na ni watu wazima wawili wanaoweza kupanda ngazi. Basi wanaohama ni wao, ingawa walitangulia.

Mnaona nilichokitazama. Sikutazama nani alilipa zaidi, wala nani ataandika maoni mabaya. Nimetazama ni nani ambaye kuhama hakutamuumiza sana kama mwenzake. Kwa kawaida mwenye usiku mmoja huhama kwa urahisi kuliko mwenye usiku tano. Familia yenye watoto wadogo isiguswe ukiweza. Maharusi walio kwenye fungate wasiguswe. Mgeni anayefika saa tano usiku asiguswe, kwa sababu atafika amechoka na hatakuwa na nafasi ya kukusikiliza. Mgeni aliyeandika ombi maalumu, ombi hilo ndilo lililomleta kwako. Na kwa kuwa wa Nairobi walitangulia kubuku, deni letu kwao ni kubwa zaidi, na watakachopewa lazima kilingane na deni hilo.

Hapa kwenye chumba cha badala naomba tukae kidogo, kwa maana ndipo tunapokosea hata tukiwa na nia njema. Tunadhani "bora zaidi" ni bei. Mgeni alikuwa analipa 180,000, tumemweka mahali pa 250,000, tunashangaa mbona amenuna. Jiulize kwanza alikuja kwako kwa sababu gani. Kuna familia inayochagua nyumba kwa sababu haina baa. Ukiihamishia hoteli ya ghali yenye muziki na pombe juu ya paa, hukuipandisha daraja, umeiharibia safari. Kuna mgeni anayepanda boti ya saa moja asubuhi na anataka kulala Malindi ili aende bandarini kwa miguu. Kuna mwingine amechagua Mji Mkongwe ili atembee Forodhani jioni, nawe unamwambia una chumba kizuri sana Paje, ufukweni. Paje ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Hiyo ni safari nyingine kabisa, na aliyepanga safari yake ni yeye.

Kwa wanandoa wetu, msichana wa mapokezi anarudi kwenye mazungumzo ya Wasapu ya Jumatatu. Waliuliza mambo mawili: kama kuna kiyoyozi, na kama wanaweza kwenda Forodhani kwa miguu. Basi anatafuta Shangani, na anapata nyumba yenye chumba cha ghorofa ya kwanza, kiyoyozi, na kifungua kinywa, kwa 230,000. Nyingine iko Mkunazini, bei ile ile ya 180,000, chumba kidogo zaidi. Anamwomba meneja wa Shangani amshikie chumba kwa saa mbili. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hulipuuza: anakwenda kukiona. Ni mwendo wa dakika kumi. Anawasha kiyoyozi, anafungua maji ya moto, anatazama neti, anauliza umeme ukikatika jenereta inawasha viyoyozi au taa tu. Akirudi ana picha alizopiga mwenyewe asubuhi ile kwa simu yake. Picha ya tovuti ilipigwa chumba kikiwa kipya. Ukimtumia mgeni picha ya tovuti kisha akakuta rangi imebanduka, umemvunja mara ya pili, na mara ya pili hakuna samahani itakayosikika.

Sasa hesabu, wenye nyumba mnisikilize. Tofauti ya bei ni 50,000 kwa usiku, usiku mbili ni 100,000. Teksi ya kuwapokea uwanja wa ndege, tuseme 40,000. Jumla ni 140,000. Watu husikia kwamba nyumba ya Shangani italipwa 460,000 na kushtuka, lakini 360,000 kati ya hizo ni pesa ya wageni wenyewe. Chumba chako hakikulala kitupu, mama wa Dar yumo na analipa. Kwa hiyo kosa hili limekugharimu 140,000, basi. Ukijaribu kuokoa hizo kwa kumtaka mgeni aongeze tofauti mwenyewe, mazungumzo yote yanayofuata yatakuwa ya ubishi wa pesa. Mgeni aliyehamishwa hatoi hata senti zaidi ya aliyokubali mwanzo. Na mlipe jirani kabla mgeni hajafika, upate uthibitisho kwa maandishi wenye jina la mgeni. Mgeni asifike Shangani akaulizwa, "Nani atalipa?"

Saa nne kasorobo, msichana anapiga simu. Simu kwanza, ujumbe baadaye. Ujumbe mtupu humfikia mtu akiwa kazini, anausoma nusu, anauelewa vibaya, na wewe humsikii sauti yake. Nitawasomea anavyosema, kisha niseme kwa nini.

"Habari za asubuhi dada. Naitwa hivi, napiga kutoka nyumba ya wageni Kiponda mlikobuku chumba cha kesho. Una dakika tano tuzungumze? Dada, nina habari isiyo nzuri na nimeona uisikie kwangu mapema. Chumba chenu tumekiuza mara mbili. Nyinyi mlibuku Jumatatu, tukaandika lakini hatukukifunga kwenye mfumo, Jumatano kikauzwa kwa mgeni mwingine. Kosa ni letu, si lenu. Naomba radhi. Nyumba yetu imejaa, kwa hiyo kesho sitaweza kuwapa chumba hapa. Nimewatafutia chumba Shangani, nimekwenda kukiona sasa hivi. Kina kiyoyozi, Forodhani ni dakika chache kwa miguu. Bei yake ni kubwa kuliko yetu, tofauti tunalipa sisi, na teksi ya kuwatoa uwanja wa ndege tunalipa sisi. Nakutumia picha. Kama hamtakipenda, kipo kingine Mkunazini. Na kama mtaona heri mtafute wenyewe, narudisha pesa yenu yote leo hii. Unaonaje dada?"

Hiyo ni simu ya dakika moja na nusu. Salamu zipo, maana mtu wetu hapigiwi simu akarushiwa habari bila salamu. Lakini salamu ni fupi, na baada yake habari mbaya inakuja katika sentensi ya wazi. Tuna mazoea ya kuzunguka. "Kuna changamoto kidogo imejitokeza." "Mambo yameingiliana." Mgeni anasikiliza dakika tatu hajui kama ameambiwa chumba hakina maji au hana chumba kabisa, na wasiwasi wake unapanda kila neno. Msichana wetu amesema "chumba chenu tumekiuza mara mbili", kila mtu anaelewa.

Halafu tazameni jinsi alivyoeleza sababu. Ametumia sentensi moja. Hakumtaja mwenzake aliyesahau kufunga, hakulaumu mtandao, wala mgeni mwingine. Mgeni hahitaji historia ya ofisi yenu, ila anahitaji sababu ya kweli, kwa sababu bila sababu yoyote atajitungia yake: kwamba amepatikana mtu wa bei kubwa zaidi, naye ametupwa.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo juu ya bomba lililopasuka. Mnajua ninachokisema. Chumba kimegongana, mgeni anaambiwa bomba limepasuka, au kiyoyozi kimeungua, au ukuta unapakwa rangi. Inaonekana ni uongo mdogo wa kumlinda kila mtu. Lakini Mji Mkongwe ni mdogo. Mgeni wako wa Shangani atapita Kiponda jioni ile ile, ataona taa ya chumba kile inawaka. Kijana wa Shangani atamwambia bila nia mbaya, "Aa, nyinyi ndio mliohamishwa, walijaza kupita kiasi." Na wiki mbili baadaye yule mama wa Dar ataandika maoni yake, kwamba alilala chumba cha chini, tarehe zile zile, na maji yalikuwa mazuri. Hapo mgeni hakukasirishwa tena na chumba. Amejua kwamba mlimdanganya, na kila mlichomfanyia, teksi, tofauti ya bei, sasa anakiona kuwa ni hongo ya kumnyamazisha.

Akikasirika kwenye simu, mwacheni amalize. Dada wa Nairobi anaweza kusema, "Lakini sisi tulibuku kwanza, mbona sisi?" Hilo ni swali la haki na linahitaji jibu la kweli: "Ni kweli mlitangulia. Mgeni wa pili ana shida ya kiafya inayomfanya ashindwe kupanda ngazi, na hiki ndicho chumba chetu pekee cha chini." Usitaje jina lake, usitaje magoti. Watu wengi wakisikia hivyo hulainika. Wasipolainika, usirudie maelezo yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Rudia zile njia tatu, umuulize ipi inamfaa. Kuwa na uchaguzi kunamrudishia mtu kidogo ya kile tulichomnyang'anya, kwa kuwa tatizo hili, chini kabisa, ni kwamba mtu mwingine amemwamulia mahali pa kulala.

Baada ya simu, ujumbe unaandikwa papo hapo, si jioni. Uwe na mambo ambayo mgeni atayahitaji akiwa amesimama uwanja wa ndege: jina la nyumba mpya na mtaa, usiku gani mpaka gani, kwamba ameshalipiwa na anabakiza kiasi gani na anamlipa nani, jina la dereva na namba yake, namba ya mtu wa zamu, picha, na sentensi moja ya samahani. Kwa hawa wa Nairobi, walituma 180,000, wanabakiza 180,000, watatulipa sisi, si Shangani. Andika hivyo hivyo. Mkanganyiko mwingi wa siku ya pili hutokana na pesa ambayo haikuandikwa. Na kama wamechagua kurudishiwa, rudisha saa ile ile, makato ya kutuma yabebe wewe, kisha mtumie uthibitisho. Usimwambie mhasibu hayupo mpaka Jumatatu.

Kama mgeni anayehama angekuwa yule wa Booking.com au wa Airbnb, kuna jambo moja ambalo ningewashika mkono kabisa mkilikaribia. Msimwombe mgeni afute buking mwenyewe. "Bonyeza tu kufuta, tutaelewana." Akibonyeza yeye, mfumo unahesabu kwamba mgeni ndiye aliyeghairi, na kulingana na masharti ya buking yake anaweza kukatwa pesa zake. Umemtoa chumbani na umemtoza. Kwa Booking.com, wapigieni wao, waelezeni kwamba chumba kimegongana. Kanuni yao inamtaka mwenye nyumba amtafutie mgeni mahali pa daraja lile lile au zaidi na abebe tofauti, na wao wanaweza kusaidia kutafuta. Kwa Airbnb, ukighairi wewe unatozwa, na kadiri siku ya kufika inavyokaribia ndivyo tozo inavyopanda: zikibaki saa 48 au chini ya hapo ni nusu ya thamani ya buking. Inauma. Ndiyo maana watu humsukumia mgeni. Lakini maumivu hayo ni yetu kihalali. Tena usimhamishie mgeni wa Airbnb kwa rafiki yako kimya kimya nje ya mfumo, kwa maana akipata tatizo kule hana wa kumlilia. Mambo yote yaandikwe ndani ya ujumbe wa mfumo, hata kama mmeshaongea kwa simu.

Turudi Ijumaa. Kazi haijaisha kwa sababu mgeni amekubali. Dereva awe ameshika karatasi yenye jina lao. Aambiwe wazi ni Shangani, maana madereva wetu wa mazoea huleta mgeni Kiponda kwa kuzoea. Gari halifiki mlangoni Mji Mkongwe, kwa hiyo mtu wa nyumba yetu, akiwa yule msichana aliyepiga simu ni bora zaidi, awasubiri pale gari linapoishia, awapokee mabegi, atembee nao mpaka chumbani, awasikie wakisema kipo sawa. Pale anasema samahani mara moja, ana kwa ana. Mara moja. Ukiomba radhi kila dakika tano, mgeni analazimika kukufariji wewe, na yeye ndiye aliyehamishwa. Jioni ujumbe mfupi: kiyoyozi kinafanya kazi? Halafu waacheni wapumzike. Usiku wa pili chumba kikipatikana kwetu, usiwarudishe. Waulize tu kama wangependa. Wengi wataona heri wabaki walipo, kwa sababu kufunga begi mara mbili katika siku mbili ni mateso.

Sasa nizungumze juu ya usiku ule mbaya zaidi, ambao hakuna aliyegundua Alhamisi. Ni saa nne usiku, mgeni amesimama mapokezi, ameshika simu yenye uthibitisho, na chumba chake kina mtu amelala. Kijana wa zamu yuko peke yake. Kitu cha kwanza, asianze kupekua kompyuta dakika ishirini mgeni akiwa amesimama. Amkalishe, ampe maji, amwambie: "Una buking halali, naiona. Chumba chako kimeuzwa mara mbili, kosa ni letu. Nakutafutia pa kulala sasa hivi na gharama ni yetu. Nipe robo saa." Azungumze naye pembeni, si mbele ya wageni wengine, kwa heshima ya huyo mgeni. Kisha apige simu kwa majirani. Akipata, ampeleke mwenyewe au atoke naye mlinzi anayemfahamu, abebe begi, wafike wote mpaka funguo ikabidhiwe. Mgeni hasukumwi vichochoroni usiku na ramani ya simu.

Lakini kijana huyu hawezi kufanya lolote kati ya haya kama hana ruhusa. Hapa nawaambia wenye nyumba, na nawaambia kwa kuwapenda. Nimeona mara nyingi vijana wenye adabu, wenye huruma, wanaomwomba mgeni radhi kwa maneno mazuri sana, halafu mgeni anauliza, "Basi mtafanya nini?" na kijana anajibu, "Nasubiri bosi apokee simu." Bosi amelala. Saa sita inafika. Samahani ya mtu asiye na uwezo wa kutengeneza haimshibishi mgeni, hata iwe tamu namna gani. Mpeni mtu wa zamu kiasi ambacho anaweza kukitumia bila kumwamsha mtu. Kwa nyumba ya bei ya mfano wetu, ningesema 200,000, kiko kwenye bahasha ndani ya sefu, na daftari la kuandika imetumika kwa nani na kwa nini. Asubuhi muulizeni ilikuwaje, msimuulize kwanza kwa nini ametumia. Kijana aliyegombezwa mara moja kwa kumtafutia mgeni teksi hatatafuta tena teksi.

Mgeni akiandika maoni baadaye, jibuni kwa yale yale mliyomwambia kwenye simu. Wa Nairobi wanaweza kuandika kwamba walihamishwa siku moja kabla na hawakufurahi. Ni kweli, hawakufurahi. Jibu la heshima ni fupi: chumba kiliuzwa mara mbili kwa kosa letu, tuliwajulisha Alhamisi asubuhi, tuliwapeleka Shangani kwa gharama yetu, na tunaomba radhi kwamba hamkupata chumba mlichokichagua. Msiongeze kwamba walipewa chumba cha ghali zaidi kuliko walicholipia. Anayesoma atajua, na ukimsimanga mgeni kwa ulichomfidia, anayesoma ataona hilo kwanza.

Nimebakiwa na jambo moja la vitendo. Saa ile ya Alhamisi asubuhi na robo saa ile ya usiku vyote vinategemea kama jirani atapokea simu na kama bei mmeshakubaliana. Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi. Kila nyumba iandike jina na mtaa, vyumba vingapi, kama kuna chumba cha chini, kama kuna baa au hakuna, jenereta inabeba nini, namba ya simu ya zamu ya usiku, wala si ya mwenye nyumba, na bei mtakayomtoza jirani aliyekwama, ambayo haitapanda kwa sababu ni saa nne usiku. Nitaiandika safi na kila nyumba ipate nakala yake ya kubandika nyuma ya kaunta. Mwezi wa kumi na mbili tutaipitia tena, maana namba za zamu hubadilika. Ahsanteni, na sasa napokea maswali, tuanze na vijana wa nyuma.